Mwenye Hatari Ni Nani? Daftari la Mjengo Wetu wa Nyacheki

Wale mnaonifuata mnajua tangu mwaka jana nimekuwa nikipiga picha za mjengo wetu pale senta ya Nyacheki. Vyumba vinne vya maduka chini, vyumba vya kupangisha juu. Mnapenda zile video za mixa na vijana wakibeba karai. Leo sina video. Nataka kuwaambia kuhusu karatasi moja ambayo ilikaribia kuvunja familia na baadaye ikatuokoa, halafu bado ilikuwa na kosa ambalo mimi mwenyewe niliandika kwa mkono wangu.

Hivi ndivyo ilianza. Baba mdogo anaishi Minnesota, kama Wagusii wengine wengi tu wanaofanya kazi za hospitali na nyumba za wazee kule. Yeye ndiye alikuwa anatuma pesa ya slabu. Shangazi wa Nairobi alikuwa ameshughulikia vyuma. Baba yuko nyumbani, ndiye mkubwa, na ploti ni ya marehemu babu. Mimi nilisoma diploma ya ujenzi, kwa hivyo nikapewa ile kazi ya kijana wa familia: kusimamia kila kitu bila mshahara.

Kabla ya kutuma pesa ya slabu, Baba mdogo akaandika kwenye grupu ya familia: "Nataka daftari la hatari. Kila kitu kinachoweza kuharibika, uwezekano wake, athari yake, na jina la mwenye kuishughulikia. Nikiliona natuma."

Mimi nikafurahi. Hii kitu tulifundishwa darasani. Nikatafuta fomu mtandaoni, nikaipakua, nikabadilisha mambo mawili matatu, na usiku ule ule nikamtumia mistari 41. Ilikuwa na rangi: nyekundu, manjano, kijani. Kulikuwa na "mtetemeko wa ardhi". Kulikuwa na "mgomo wa wafanyakazi wa bandari". Kwenye safu ya wenye hatari niliandika "Kontrakta", "Mteja", "Injinia", "Wote".

Jibu lilikuja asubuhi, fupi: "Mteja ni nani hapa? Ni mimi, ni baba yako, au ni marehemu babu? Na huyu anayeitwa Wote, nipe namba yake nimpigie."

Manze, niliumia. Lakini alikuwa amegonga penyewe.

Ukitaka kujua safu ya jina inauma wapi, kumbuka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Jumba la orofa sita lilianguka baada ya mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Baadaye tukaambiwa lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Kwa hiyo hatari ilijulikana, na kuna mtu alishika rangi akaichora ukutani. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuulizwa, "wewe, umefanya nini tangu ile alama ichorwe?" Daftari langu la mistari 41 lilikuwa ni kuchora alama tu.

Nikaanza upya. Safari hii sikufungua simu. Nilienda kukaa kwenye mawe pale saiti na kalamu na daftari la shule.

Kitu cha kwanza nilibadilisha ni namna ya kuandika hatari yenyewe. Kwenye fomu ya kwanza niliandika neno moja: "Mvua." Sasa mvua ya Nyacheki ni hatari kweli? Mvua iko tu. Huku Gusii inanyesha karibu mwaka mzima, na Aprili ndiyo inamwagika kabisa. Hatari lazima uiandike kama sentensi yenye vipande vitatu: sababu ambayo ipo tayari, tukio ambalo huenda likatokea, na matokeo yake kwa mjengo. Hivi ndivyo mstari wa mvua ulikuja kusomeka:

"Kwa sababu pesa ya slabu itafika Aprili na mvua ya huku huanza mchana, huenda mvua kubwa ikatupata tukiwa tumemwaga nusu ya slabu, na hapo zege itaoshwa simiti juu, au tutasimama mahali pabaya na slabu ibaki na mshono dhaifu."

Ona vile sentensi inakupa kazi yenyewe. Kuhusu sababu, unaweza kuuliza kama lazima iwe Aprili. Kuhusu tukio, unaweza kuanza mapema ili mchana ukukute umemaliza. Kuhusu matokeo, unaweza kumuuliza injinia mapema: tukikatizwa, tukatie wapi? Ukiandika "Mvua" pekee unaishia kuandika "kuomba Mungu" kwenye safu ya hatua, na hiyo nimeiona kwenye daftari la mtu, sidanganyi.

Mistari ikashuka kutoka 41 hadi 9. Mtetemeko wa ardhi ukaenda nyumbani.

Halafu namba. Fomu nyingi zinakupa 1 mpaka 5 kwa uwezekano na 1 mpaka 5 kwa athari, unazidisha. Shida ni kwamba 3 yangu si 3 ya Shangazi. Kwa hivyo tuliweka maana kabla ya kutoa alama. Uwezekano wa 5 ni kitu ambacho kimeshatokea kwenye mjengo wetu huu. 4 ni kilichotokea kwa mjengo wa jirani hapa senta ndani ya miaka miwili. 1 ni kitu ambacho hakuna fundi hapa anayekumbuka kukiona. Athari nayo tuliipima kwa pesa na siku: 1 ni chini ya shilingi 10,000 na siku moja, 3 ni mpaka shilingi 100,000 au wiki mbili, na 5 ni mtu anaweza kufa, ama kazi ibomolewe au isimamishwe kabisa.

Na kila mtu alipewa saa moja anitumie alama zake mimi peke yangu, kabla ya kuongea. Hii niliiongeza mwenyewe kwa sababu najua familia yetu. Baba akisema "hiyo ni ndogo", nani atasema ni kubwa?

Kwenye mistari mingi alama zilikaribiana. Mstari wa shamba ndio ulilipuka. Ploti bado ina jina la babu. Mwanzoni niliandika hiyo kama hatari, nikaifuta: hatimiliki kuwa na jina la marehemu si kitu kinachoweza kutokea, kimeshatokea. Hiyo ni sababu. Hatari ni kwamba watoto wa marehemu baba mkubwa, ambao nao wana haki pale, huenda wakaenda kortini kuomba zuio tukiwa katikati ya kazi. Baba alitoa uwezekano wa 1. Shangazi alitoa 4.

Tofauti kama hiyo usiigawanye kwa mbili ukaandika "2 na nusu". Ni habari hiyo. Mmoja anajua kitu ambacho mwingine hajui. Nikampigia Shangazi. Kumbe mmoja wa hao binamu alikuwa amemuuliza, kwa upole tu, kwenye mazishi ya jirani, "Shangazi, na sisi tumewekwa chumba gani?" Baba hakuwa amesikia hilo swali. Yeye anajua walivyomsalimia sokoni, na walimsalimia vizuri.

Tukaandika 3 kwa 4, jumla 12. Na jina? Nilitaka kuandika Shangazi kwa sababu ndiye aliyekuwa na habari. Akakataa, na sababu yake ilikuwa sahihi: yeye hawezi kuitisha kikao cha wazee wa ukoo, na si yeye atapata barua ya chifu ambayo unahitaji ili uanze kesi ya urithi. Baba anaweza. Kwa hivyo jina likawa la Baba, jina lake kamili na namba ya simu, na hatua ikawa moja yenye tarehe: kikao na binamu kabla ya kumwaga slabu, na makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Baba alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu akaitisha kikao. Binamu hawakutaka kusimamisha chochote. Walitaka chumba chao kiandikwe. Kikaandikwa: duka la mwisho upande wa barabara.

Sasa turudi kwa mvua, maana hapo ndipo nilijifunza kuhusu neno "mwenye".

Kwanza, nyapara wetu aliposikia namwandika kama "mwenye hatari" alicheka mpaka akaketi. "Mimi si mwenye hatari, mimi ni mwenye mwiko." Ni kweli neno linakaa vibaya. Tukaandika "anayeshika". Lakini alipotulia akasema kitu cha maana. Slabu yetu ni kama mita 10 kwa 9, unene milimita 150. Hiyo ni mita 13.5 za ujazo. Mchoro wa injinia unataka zege ya daraja la 25, na tunachanganya moja kwa moja na nusu kwa tatu, ambayo ni karibu mifuko 8 ya simiti kwa kila mita ya ujazo. Kwa hivyo mifuko kama 108, bila kuhesabu mihimili. Unahitaji mixa na kundi kubwa la vibarua kuanzia alfajiri, na wote wanalipwa siku hiyo. Nyapara akaniuliza: "Nikiona wingu saa kumi na mbili asubuhi nikasema tusimwage leo, nani analipa hawa watu?"

Unaona? Ukimwandika nyapara kama anayeshika hatari ya mvua, umempa uamuzi ambao akiufanya vizuri unamtoa pesa mfukoni. Ataangalia lile wingu na kuliona jeupe. Kushika hatari bila uwezo wa kuamua na pesa ya kuamulia ni kubandikwa jina tu.

Tukampelekea Baba mdogo hiyo hoja. Alikubali kitu kimoja: shilingi 15,000 zikae kwa M-Pesa yangu, zisiguswe kwa kazi nyingine, za kulipa vibarua nusu siku tukiahirisha. Na uamuzi uwe wangu, kabla ya mfuko wa kwanza kukatwa. Kuhusu kusogeza kazi yote mpaka Julai, tulilijadili na kulikataa. Pesa yake inatoka kwa marejesho ya kodi kule Marekani, inafika kati ya Machi na Aprili, na sote tunajua pesa ikikaa Nyacheki miezi mitatu inapata karo na mgonjwa.

Siku ya kwanza niliamka saa kumi usiku. Upande wa ziwa kulikuwa kumejaa, na tangu usiku radi ilikuwa ikiunguruma mbali. Nikaahirisha. Nikalipa vibarua nusu siku, shilingi 11,200, huku wakiniangalia kama mtoto wa shule. Na wacha niwaambie: haikunyesha. Jua liliwaka mpaka jioni. Grupu ya familia ilikuwa na emoji ambazo sitazirudia.

Niliumia, lakini bado nasema ule uamuzi ulikuwa sawa. Uwezekano wa 4 si ahadi kwamba kitu kitatokea. Tulilipa 11,200 kukwepa hasara tuliyokadiria kwa laki moja, kwa habari tuliyokuwa nayo asubuhi ile. Ukianza kuhukumu daftari kwa siku moja ambayo haikunyesha, mara ijayo utamwaga chini ya wingu.

Siku tatu baadaye tulianza saa kumi na mbili kasoro. Tulimaliza saa saba na nusu. Saa tisa na dakika kumi ikaja, ile ya mawe. Karatasi za nailoni zilikuwa tayari. Slabu ikalala salama. Mstari wa mvua nikaufunga kwa mbwembwe, na mkaiona ile video.

Sasa kosa langu.

Mstari wa sita ulikuwa unahusu nguzo. Slabu ikimwagwa inashikiliwa kutoka chini na mbao na nguzo za mikalitusi. Injinia aliandika nguzo zikae siku 21. Zege ya siku saba huwa imepata kama theluthi mbili tu ya nguvu yake ya siku 28, na huku kwetu kwenye baridi inaenda polepole zaidi. Ukitoa nguzo mapema, slabu inaweza kupinda, kupasuka, au kuja chini na watu. Tuliipa uwezekano wa 2, athari 5. Jumla 10. Ikawa chini ya mvua na chini ya shamba, ambazo zilikuwa na 12, kwa hivyo kwenye karatasi ilikuwa manjano, na kila simu ya familia tulianza na nyekundu, tukachoka kabla ya kufika manjano.

Hapo ndipo kuzidisha kunadanganya. 2 mara 5 ni 10, na 5 mara 2 ni 10 pia. Lakini kitu kinachotokea kila wiki na kukupotezea shilingi 20,000 si ndugu ya kitu ambacho huenda kisitokee kabisa, na kikitokea unabeba maiti. Siku hizi chochote chenye athari ya 5 kinasomwa kwanza, hata uwezekano ukiwa 1, na hatujali jumla.

Lakini kosa kubwa lilikuwa kwa jina. Niliandika fundi wa mbao. Nilifikiri ni akili: mbao ni zake, nguzo ni zake, yeye ndiye anajua. Sikujiuliza nani anapata faida hatari hii ikitokea. Tulikuwa tumeelewana bei moja ya mbao kwa slabu nzima, si ya kila siku. Kila siku mbao zinapokaa kwetu, haziko kwa mjengo mwingine. Yule fundi alikuwa na kazi nyingine imeshamlipa kianzio, na hana mbao za kutosha mijengo miwili. Nilikuwa nimemkabidhi mbuzi yule yule aliye na njaa alinde mahindi.

Siku ya tisa nilikuwa Kisii mjini nanunua mabomba. Nyapara akanipigia: "Rudi. Wameanza kufungua." Bodaboda iliniweka saiti na tope mpaka kichwani. Nguzo saba zilikuwa zimelala chini, upande wa nyuma, na kijana wa miaka kama 19 alikuwa chini ya ile slabu akigonga ya nane kwa nyundo. Akanisalimia vizuri kabisa. Hakuna mtu alikuwa amemwambia chochote kuhusu siku 21.

Nilimtoa kwanza. Halafu nikampigia injinia, na akasema tusimame, tusirudishe kwa nguvu: ukirudisha nguzo na kuipiga mpaka iinue slabu, unaweza kuipasua kutoka juu, mahali haina chuma cha kutosha. Zirudi ziguse tu, zikazwe kwa kabari. Alikuja siku ya pili, akavuta uzi chini ya slabu kutoka ukuta mpaka ukuta, akapima katikati. Ilikuwa imeshuka milimita chache, ndani ya alichokubali. Nyufa hakuona zaidi ya moja nyembamba kama unywele, ambayo tuliiwekea alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili ili tuone kama inakimbia. Mpaka leo haijavuka alama. Tulilipa ziara yake na siku za ziada za mbao, na sikulala vizuri mpaka siku ya 21 ikapita.

Fundi sikumlaumu sana. Nilimwambia ukweli na yeye akaniambia wake: "Uliniandika kwenye karatasi, lakini karatasi hukunipa." Kweli. Jina lake lilikuwa kwenye daftari lililotumwa Minnesota. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona.

Mstari wa sita sasa unasomeka hivi: "Kwa sababu mbao zinakodishwa kwa bei moja na fundi ana kazi nyingine, huenda nguzo zikatolewa kabla ya siku 21, na hapo slabu inaweza kuanguka na kuua mtu aliye chini." Uwezekano tuliupandisha kuwa 5, maana imeshatokea kwetu. Anayeshika ni nyapara, ambaye analala saiti na hana ubao hata mmoja. Bei ya mbao kwa slabu ya pili imebadilishwa kuwa ya kila siku, ndiyo fundi asipoteze chochote zikikaa. Tarehe ya kutoa imechorwa kwa rangi kwenye nguzo ya kwanza unayoiona ukiingia, na hakuna nguzo inayotoka bila ujumbe wa injinia kwenye simu ya nyapara. Tulipomsomea uwezekano mpya baada ya hizo hatua, tulikubaliana 2. Athari ilibaki 5. Hakuna hatua ya kufanya slabu ikuangukie polepole.

Na kila aliyeandikwa jina amesomewa mstari wake kwa mdomo, kwa Kiswahili au kwa Ekegusii, na akaweka sahihi au kidole gumba pembeni yake. Hata Baba. Baba aliweka sahihi kubwa kama ya gavana.

Mstari wa shamba bado uko wazi. Makubaliano ya duka la mwisho ni mazuri lakini hayabadilishi hatimiliki, na kesi ya urithi ndiyo kwanza imeanza. Baba anaenda kwa chifu tena Jumatatu kwa sababu barua ya kwanza iliacha jina la binamu mmoja. Shangazi ndiye aliyegundua. Nimeandika tarehe.